Bluu ya bromothimoli: karatasi ya labo inasema pKa ni 7.10, mimi napata 6.90. Kosa liko wapi?

#1 Mwana_Katuba (Lubumbashi)

Jambo wote. Niko mwaka wa pili kemia hapa Lubumbashi. Tulipewa kazi ya kutafuta pKa ya bluu ya bromothimoli kwa spektrofotomita. Rangi niliiandaa hivi: gramu 0.1 ya unga, nikaiyeyusha katika mL 16 za NaOH ya 0.01 M, kisha nikajaza maji hadi mL 250. Kila chupa ya mL 25 ilipata mL 1 ya rangi hiyo, na iliyobaki ikajazwa tampo ya fosfati (jumla ya fosfati ni 0.05 M ndani ya chupa). Nimesoma ufyonzaji kwenye 615 nm, mahali ambapo umbo la bluu linafyonza sana na la njano karibu halionekani.

Chupa yenye HCl ilitoa 0.008. Kwa upande wa bluu kamili nilichukua tampo yangu ya mwisho, pH 8.40, nikapata 0.881. Zilizo katikati ni hizi:

pH 6.21 → 0.149
pH 6.58 → 0.276
pH 6.90 → 0.436
pH 7.12 → 0.545
pH 7.41 → 0.680
pH 7.80 → 0.799

Nikiweka kwenye pKa = pH − log[(A − 0.008)/(0.881 − A)] napata kwa mfuatano 6.93, 6.93, 6.92, 6.92, 6.89 na 6.82. Wastani ni 6.90. Asistanti amesema nieleze tofauti kabla ya kuwasilisha. Mimi nadhani unga wa rangi ni wa zamani, chupa yake imekaa rafuni miaka mingi. Mnasemaje?

#2 Papa_Likasi

Mwanangu, mimi niko labo ya madini, kila siku tunasoma shaba kwa mashine. Bila mstari wa viwango huwezi kusema kitu. Andaa rangi yenye mkusanyiko unaojulikana, chora mstari, halafu ndiyo urudi kwenye tampo. Kama unga umezeeka, mkusanyiko wako si ule unaoufikiria, na hesabu yote inaanguka.

#3 Yaya_Sophie

Papa wa Likasi, shikamoo. Kwa shaba ni kweli, kwa kazi hii si lazima. Angalia fomula ya Mwana_Katuba: ni uwiano wa tofauti mbili za ufyonzaji. Mkusanyiko wa rangi uko juu na uko chini, unafutika. Unga ukiwa na nguvu ya asilimia 80 tu, namba zote zitashuka pamoja na pKa itabaki palepale, ilimradi kila chupa imepata kiasi kilekile cha rangi na uchafu wenyewe haufyonzi kwenye 615. Kwa hiyo sikubali kuusingizia unga.

Kinachonishtua mimi ni jinsi namba zako zinavyoshuka. 6.93 hadi 6.82 si kutawanyika kwa bahati, zinaelekea upande mmoja. Ukichukua wastani wa namba zinazoteremka unaificha habari yenyewe.

#4 MamaFuraha_Bukavu

Jambo. Mie kwa kupima asidi ya siki natumia fenolftalini, rangi inageuka vizuri sana. Bromothimoli inageuka mapema, ndiyo maana unapata jibu dogo. Badilisha kiashiria.

#5 Mwana_Katuba

Aksanti Mama, lakini hapa kiashiria chenyewe ndicho kinachopimwa. Hakuna siki.

#6 MamaFuraha_Bukavu

Haya, nimeelewa sasa. Endeleeni, mie nasoma.

#7 Mzee_wa_Kiveti (Lubumbashi)

Sophie ameona vizuri. Niongeze sababu ya kuteremka huko.

Umechukua tampo ya pH 8.40 kuwa bluu kamili. Lakini kama pKa iko karibu na 6.95, kwenye 8.40 bado asilimia 3 hivi ya rangi ni njano. Kwa hiyo namba yako ya juu ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Kwenye pH 6.21 hilo halisumbui, kwa sababu 0.881 − 0.149 ni tofauti kubwa. Kwenye pH 7.80 unatoa 0.799 kutoka 0.881, unabaki na 0.082 tu, na kosa la 0.03 ndani ya 0.082 linameza theluthi nzima. Ndiyo maana chupa ya mwisho imeanguka kuliko zote. Ukiona pKa inashuka polepole kisha ghafla mwishoni, anza kushuku kikomo cha upande wa besi. Ingekuwa inapotoka upande wa pH ndogo, ungeshuku kikomo cha asidi.

Andaa chupa nyingine: rangi mL 1, maji, na matone machache ya NaOH ya 4 M hadi pH iwe karibu 13. Isome hiyo. Na kwenye ile ya asidi usimwage HCl ovyo. Matone manne ya HCl kali ndani ya mL 25 yanakupeleka karibu pH 1, inatosha. Bromothimoli ikizidishiwa asidi kali sana inaanza kwenda kwenye wekundu, hilo ni umbo la tatu ambalo halimo kwenye hesabu yako.

#8 Kijana_Himbi (Goma)

Kumbe hiyo rangi ndiyo ile watoto wanapuliza kwa mrija inageuka njano! Mimi nafundisha sekondari Goma, hatuna spektrofotomita. Je, taa ndogo nyekundu ya LED na kipima mwanga cha simu vinaweza kufanya kazi hii?

#9 Yaya_Sophie

Mwalimu, inawezekana kwa kiasi. LED nyekundu nyingi ziko karibu na 625 nm, na hapo bluu bado inafyonza vizuri. Tatizo ni kwamba mwanga wake ni mpana, kwa hiyo rangi ikiwa nzito mstari unajipinda. Punguza rangi hadi ile chupa ya NaOH isome karibu 0.5, ziba mwanga wa nje kabisa, na usiondoe simu mahali pake kati ya chupa moja na nyingine. Fungua uzi wako tukusaidie, hapa tutamchanganya huyu kijana.

#10 Mwana_Katuba

Nimerudi. Umeme ulikatika mchana, nikalazimika kusubiri taa ya mashine ipate moto tena na kurudia sifuri. Chupa ya NaOH imetoa 0.912. Nimeweka hiyo mahali pa 0.881, na sasa napata:

6.94, 6.96, 6.95, 6.95, 6.95, 6.95

Mzee, shikamoo na aksanti sana. Mteremko umekwisha. Lakini bado ni 6.95, si 7.10.

#11 Fundi_pH

Sasa inabaki mita. Kuna seti mbili za tampo za kurekebishia: moja inatumia 7.00, nyingine 6.86. Mita nyingi ndogo za mkononi zinatafuta 6.86 zenyewe. Kama labo yenu ina chupa ya 7.00 na mita ikaidhania kuwa 6.86, kila usomaji utakuwa chini kwa 0.14. Jumlisha: 6.95 + 0.14 = 7.09. Kesi imekwisha.

#12 Kasai_Mchokozi

Fundi, wewe kila uzi ni mita tu. Hata mvua ikichelewa utasema mita.

#13 Fundi_pH

Kwa sababu mara nyingi ni mita kweli.

#14 Mzee_wa_Kiveti

Wazo la Fundi ni la kuangaliwa, lakini kuna sababu nyingine inayotoa namba ileile bila kumlaumu mtu. Hiyo 7.10 ya karatasi imepimwa ndani ya chumvi ya kiasi fulani. Majedwali mengine yanatoa 7.30 kwa maji yasiyo na chumvi. Kiashiria hiki kinapopoteza protoni kinatoka chaji moja hasi kwenda chaji mbili hasi, na umbo lenye chaji mbili ndilo linalotulizwa zaidi na ioni zinazolizunguka. Kwa hiyo chumvi ikiongezeka, bluu inatokea mapema na pKa inayosomeka inashuka.

Fosfati 0.05 M karibu na pH 6.9 ina nguvu ya ioni kama 0.1. Hesabu ya kawaida inatoa mshuko wa karibu 0.3. Anza na 7.30 au chini yake kidogo, utafika 6.95 hadi 7.00. Kijana amepata anachotakiwa kupata katika tampo zake.

#15 Yaya_Sophie

Mzee, kwa heshima, hapo nina swali. Nguvu ya ioni si moja katika chupa zake zote. Chupa ya pH 6.21 ina H₂PO₄⁻ nyingi, ya 7.80 ina HPO₄²⁻ nyingi. Nikihesabu, ya kwanza iko kama 0.07 na ya mwisho kama 0.14. Kwa maelezo yako pKa ingeshuka kwa 0.06 kutoka chupa ya kwanza hadi ya mwisho. Baada ya kusahihisha, namba zake zimelala 6.95 tupu. Mshuko huo umeenda wapi?

#16 Mzee_wa_Kiveti

Swali zuri. Mwana_Katuba, una usomaji wa karibu na 500 nm? Hapo njano na bluu zinafyonza sawa, kwa hiyo chupa zote zingepaswa kutoa namba moja hata pH ikiwa tofauti. Ikitofautiana, hiyo ni pipeti inayosema.

#17 Mwana_Katuba

Ninao. Chupa sita za katikati ziko kati ya 0.203 na 0.205. Ya NaOH ni 0.207.

#18 Yaya_Sophie

Basi chupa ya NaOH ina rangi zaidi kwa asilimia moja na nusu hivi. Nikiipunguza, 0.912 inakuwa 0.899, na pKa zinakuwa 6.94, 6.95, 6.93, 6.94, 6.92, 6.90. Mshuko umerudi, 0.04, karibu na ule wa nguvu ya ioni. Lakini nasema kwa tahadhari.

#19 Fundi_pH

Tahadhari kubwa, dada! 0.204 na 0.207 ni tarakimu ya tatu kwenye mashine ambayo umeme umetoka kukatika. Alama ya kidole kwenye kiveti inatosha kutoa hiyo. Huwezi kujenga nadharia ya chumvi juu ya 0.003.

#20 Yaya_Sophie

Nakubali kwamba 0.003 ni ndogo. Nasema pia kwamba chupa ya pH 7.80 ndiyo inayobeba mzigo wote hapo. Mimi ningezipa uzito chupa za 6.58 hadi 7.41, ambako pKa haiyumbi sana hata kikomo kikikosewa kwa asilimia moja.

#21 Mzee_wa_Kiveti

Kuna jaribio linaloweza kutenganisha mita na chumvi. Mwana_Katuba, chukua ile tampo ya 6.90, ipunguze mara tano kwa maji, weka rangi ileile mL 1, soma ufyonzaji na pH upya. Usidhani pH itabaki 6.90, tampo ya fosfati ikipunguzwa pH yake inapanda kidogo. Kosa la mita litakuwa lilelile kwenye chupa zote mbili, kwa hiyo pKa haitasogea. Kama ni chumvi, itapanda.

Halafu niambie: hiyo ya 6.90 uliichanganya vipi?

#22 Mwana_Katuba

Nusu kwa nusu. Nilikuwa na Na₂HPO₄ na NaH₂PO₄ za mkusanyiko mmoja, nikachukua ujazo sawa. Jaribio nitafanya kesho.

#23 Fundi_pH

Nusu kwa nusu, 0.025 na 0.025? Hiyo ndiyo tampo ya 6.86 yenyewe kwa 25 °C! Mita yake inasoma 6.90. Basi mita iko sawa, imezidi 0.04 tu. Naondoa shtaka langu.

#24 Kasai_Mchokozi

Mvua imenyesha. Fundi ameisamehe mita.

#25 Mama_Chumvi (Lubumbashi)

Msiiachie mita haraka. Mimi naandaa vitendanishi, nawajua hawa. Kijana, kwenye kopo la Na₂HPO₄ kumeandikwa nini? Kama ni ile yenye maji 12, gramu 358 kwa moli, basi kwa kiangazi hiki cha Lubumbashi, kopo likifunguliwa mara kwa mara, fuwele zinapoteza maji na kuwa unga mweupe. Ukipima gramu zilezile unapata chumvi nyingi kuliko ulivyohesabu. Ikishuka hadi maji 7, unakuwa umeweka theluthi zaidi, na pH ya kweli ya "nusu kwa nusu" yako inakuwa karibu 6.99. Mita inayosoma chini inaweza kujificha nyuma ya chumvi iliyokauka, na ninyi mkaona 6.90 mkafurahi.

#26 Mwana_Katuba

Mama, ni yenye maji 12. Na juu ya kopo kuna unga, ndiyo, chini kuna fuwele zinazong'aa. Nilichota juu.

#27 Mama_Chumvi

Nilijua.

#28 Mwana_Katuba

Matokeo ya kupunguza mara tano: mita imepanda kutoka 6.90 hadi 7.02. Ufyonzaji umetoka 0.436 hadi 0.434, yaani rangi haikusogea. Nikitumia 0.912 pKa inakuwa 7.07. Lakini sielewi. pH imepanda kwa 0.12 na kiashiria cha pH hakijageuka rangi hata kidogo?

#29 Mzee_wa_Kiveti

Nafurahi umeuliza, kwa sababu hapo ndipo penye utamu.

Kwanza, pKa imepanda kutoka 6.95 hadi 7.07. Mita yenye kosa la kudumu isingefanya hivyo. Chumvi imo, hilo mimi nalishika.

Pili, rangi haikusogea kwa sababu fosfati na kiashiria wana chaji za aina moja. H₂PO₄⁻ inatoka moja kwenda mbili, na bromothimoli inatoka moja kwenda mbili. Ukitoa chumvi, pKa zote mbili zinapanda kwa kiasi kinachokaribiana. Tampo inapandisha pH, kiashiria kinapandisha pKa yake, na uwiano wa bluu kwa njano unabaki. Mita tu ndiyo inayoona mabadiliko.

Sasa tumia hilo. Katika chupa ya nusu kwa nusu, sahau mita. Bluu kwa njano ni 0.428 kwa 0.476, yaani 0.90. Kwa kuwa fosfati zimelingana, pKa ya kiashiria inazidi ya fosfati kwa −log 0.90, ambayo ni 0.05. Ya fosfati katika maji matupu inajulikana vizuri, 7.20 kwa 25 °C. Kwa hiyo ya kiashiria ni 7.25. Hukuhitaji elektrodi hata moja, na umefika jirani na 7.30 ya majedwali.

#30 Yaya_Sophie

Mzee, hii sikuwahi kuifikiria hivyo. Aksanti.

#31 Fundi_pH

Nzuri, lakini "chaji za aina moja" si sawa na "zinatulizwa sawasawa". Fosfati ni ioni ndogo, bromothimoli ni molekuli kubwa yenye pete na bromini. Kwa chumvi nyepesi nakubali. Kwenye 0.1 sina uhakika kama zinafutana hadi nafasi ya pili ya desimali. Na kama tungezipunguza mara ishirini, rangi yenyewe na ile NaOH iliyomo ndani yake vingeanza kusukuma tampo.

#32 Mama_Chumvi

Na mimi nasema hiyo 7.25 imesimama juu ya kopo langu. "Fosfati zimelingana" ni kwenye karatasi tu. Kama HPO₄ ilikuwa theluthi zaidi, ongeza 0.12, inakuwa 7.37. Mmeikimbia mita mkaangukia mizani.

#33 Mzee_wa_Kiveti

Mama ana haki. Ila kama HPO₄ ingezidi kwa theluthi, pH ingekuwa 6.99 na mita ya kijana ingekuwa chini kwa karibu 0.1. Tunahitaji mashtaka mawili yatokee pamoja. Mimi naona ni chumvi iliyokauka kidogo tu na mita iliyo karibu sawa: 6.90 badala ya 6.86 inalingana na kuzidi kwa asilimia 10 hivi.

#34 Mama_Chumvi

Mzee, Lubumbashi mwezi wa saba mambo mawili yanatokea pamoja kila siku. Kijana, weka Na₂HPO₄ kwenye tanuri, 110 hadi 120 °C, mpaka uzito usibadilike tena, na uipime kama kavu, gramu 142 kwa moli. NaH₂PO₄ yako ina maji 2? Kama kuna KH₂PO₄ tumia hiyo, haina maji na haisumbui, ikaushe kidogo tu. Usipandishe tanuri hadi mia mbili na kitu, fosfati zitaanza kuungana na utapata kitu kingine.

#35 Kijana_Himbi (Goma)

Samahani, nauliza kwa faida yangu. Kama Mzee anasema mita haihitajiki, basi mimi wa LED nyekundu na mizani ya shule naweza kupata pKa?

#36 Mzee_wa_Kiveti

Ndiyo mwalimu, chupa tatu zinatosha: nusu kwa nusu, HCl na NaOH. Kazi yako yote itakuwa kwenye mizani na kwenye kulinganisha rangi kati ya chupa.

#37 Fundi_pH

Na aweke tampo nyingine mbili, 1 kwa 2 na 2 kwa 1. Zikitoa pKa moja, ajue chumvi ni sahihi. Zikitofautiana, atajua LED yake inapinda.

#38 Yaya_Sophie

Hapana Fundi. Kosa la uzito wa chumvi litasogeza zote tatu kwa kiasi kilekile, kwa hiyo zitakubaliana na bado zikawa na kosa. Zitamwonyesha LED tu, hazitamwonyesha chumvi.

#39 Mwana_Katuba

Asistanti amesoma uzi huu. Amekubali niwasilishe 6.95 nikiandika "katika fosfati 0.05 M", na 7.07 ya tampo iliyopunguzwa, lakini ile 7.25 amesema nisiiweke mpaka nikaushe chumvi. Tanuri ya labo inatumiwa na watu wa udongo wiki hii. KH₂PO₄ nimeipata. Mzee, nikitumia KH₂PO₄ na Na₂HPO₄, potasiamu na sodiamu pamoja havitaharibu jambo la chaji?

#40 Mzee_wa_Kiveti

Havitaharibu. Tampo ya 6.86 yenyewe huandaliwa kwa jozi hiyohiyo.